Spaiki za mtumba za binti wa Form Two: misumari milimita 12, soli kama ubao. Nimechemka?

Mjomba_Tabata
Wakuu habari za jioni. Nina mpwa wangu yuko Form Two, miaka 15, mwembamba tu kilo 47 hivi, anakimbia mita 100 na 200 na ni mzuri kweli, kwenye wilaya alikuwa wa kwanza tena peku. Sasa anaenda mkoa na mwalimu wake kasema wakipita huko watakimbilia uwanja wenye tartani. Mi nikaona nimfanyie surprise, nimeenda Karume nimepata spaiki kwa 35,000, kali sana, nyepesi kama hakuna kitu, chini ina soli ya plastiki ngumu haikunjiki hata nikitumia mikono miwili. Misumari imebaki 6 kila mguu, nimepima kwa rula inatoka kama milimita 12. Namba ni 41, yeye anavaa 39, nikaona poa atakua, mbele naweka kitambaa.

Amejaribu wiki mbili kwenye uwanja wao wa udongo. Mwalimu anasema kashuka kutoka 13.4 peku hadi 13.1 na spaiki, ila mtoto analalamika vigimbi vinauma hadi kushuka ngazi za bweni ni shida. Naomba mnisaidie, maumivu ni ya kuzoea tu au nimenunua kitu kisicho chake? Na misumari hiyo itakubalika kwenye tartani?

Chuma_Chakavu
Mkuu hapo hujachemka kabisa umepata dili. Soli ngumu ndo yenyewe, angalia Omanyala pale Kasarani 2021 kapiga 9.77, unadhani alivaa kiatu kinachokunjika kama ndala? Kadri soli inavyokuwa ngumu ndo inavyorudisha nguvu. Vigimbi vikiuma maana yake vinajengeka. Misumari mirefu inashika zaidi, acha hivyo hivyo.

Kocha_Mstaafu
Chuma nusu ya ulichosema ni kweli na nusu itamuumiza mtoto wa watu.

Kweli ni kwamba ukikanyaga kwa spidi vidole vinajikunja kwenye ile shina yake, na nguvu fulani inapotelea hapo bila kukusukuma mbele. Soli ngumu inapunguza kile kukunjika. Sawa. Lakini hiyo nguvu hairudishwi bure na kiatu. Kiatu kikikataa kukunja ni kama umemuongezea mtu urefu wa unyayo mbele ya kifundo, yaani fimbo ndefu zaidi ya kuinyanyua kila hatua, na anayeinyanyua ni kigimbi na ule ukano wa kisigino. Omanyala ana kigimbi cha kuilipia hiyo fimbo. Binti wa kilo 47 ambaye mpaka mwezi jana alikuwa anakimbia peku hana. Ndo maana anashuka ngazi kwa upande.

Mjomba naomba unijibu vitu viwili. Akiwa mita 70 kwenda mbele, kisigino kinagusa chini? Muulize mwalimu asimame pembeni pale aangalie na asikilize, kama inasikika pa, pa, pa kama mtu anapiga kofi ardhi, soli imemshinda. Na maumivu yako wapi hasa, kwenye nyama ya kigimbi au chini karibu na kisigino?

Halafu hiyo 41 kwa mguu wa 39 ni tatizo kubwa kuliko yote na nashangaa hakuna aliyelitaja. Kiatu cha shule mnunulie kikubwa atakua, spaiki hapana. Misumari imepangwa ikae chini ya mpira wa unyayo. Akivaa kubwa, unyayo unakaa nyuma ya misumari, anasukuma kwa sehemu isiyo na kitu halafu soli inajaribu kukunjika pasipokunjika mguu.

Mjomba_Tabata
Shikamoo kocha. Daah hiyo ya namba sikuiwaza. Nimempigia mwalimu wake sasa hivi, anasema ndiyo, akiwa na spaiki mwishoni kisigino kinashuka, peku hakishuki. Maumivu anasema kwenye nyama, pande zote mbili, asubuhi ndo mbaya zaidi.
Lakini kocha mbona muda umeshuka? 0.3 si kitu kidogo kwa mita 100.

Kocha_Mstaafu
Marahaba. Nyama na pande zote mbili ni afadhali. Ingekuwa upande mmoja, au chini kwenye ukano ukiubana kwa vidole viwili anaruka, ningekuambia aache kukimbia kabisa aonwe na mtu. Kwa sasa avue hizo, apumzike siku 4 au 5 mbio kali, arudi na raba zake.
Kuhusu muda, nani alishika saa na walianzisha kwa kitu gani?

Mama_Kelvin
Samahani naingilia, kijana wangu anacheza mpira winga wa kulia ana spidi sana, je hizi spaiki anaweza kuvaa mazoezini ili aongeze spidi? Au njumu za mpira zinaweza kutumika kwenye mbio za shule?

Njoroge_wa_Lenzi_Tatu
Mama Kelvin hapana na hapana hahaha. Spaiki uwanjani ni kuchana wenzake miguu, refa atamtoa kabla mpira haujaanza. Njumu kwenye mbio za majani mabichi inaweza kusaidia kuliko raba laini, sisi huku Kenya primary tulikimbia nazo sana, lakini ni nzito na yale meno yake yako hadi kisigino, na ukienda tartani hawakuruhusu.

Narudi kwa Mjomba. Mimi nilikimbia 400 sekondari, viwanja vyetu vilikuwa marumu, ile nyekundu. Nikupe experience ya misumari. Kiangazi ardhi ikikauka inakuwa kama saruji, msumari wa 12 hauingii wote, unabaki umesimama juu yake kama mwanamke aliyevaa viatu vya visigino virefu, unasikia kila msumari unakudunga unyayo kupitia soli. Mvua ikinyesha ndo 12 inakuwa na maana. Kwa hiyo si swali la mrefu ama mfupi, ni swali la ardhi iko aje hiyo asubuhi.

Dawa yetu ilikuwa kusoma nyayo. Kimbia mita 20 kisha rudi uangalie chini. Ukiona vitundu safi vya duara, msumari umeingia na kutoka vizuri. Ukiona mikwaruzo mirefu kama paka amekwaruza, inateleza, ama ni mifupi ama imeisha ncha. Ukiona tundu limeng'oka na donge la udongo na donge lingine limekwama katikati ya misumari, ni mirefu mno kwa siku hiyo, unabeba shamba na wewe.

Mwl_Hesabu_na_Michezo
Mimi ni mwalimu wa shule nyingine kabisa, ila hilo swali la kocha kuhusu saa limenigusa maana niliwahi kuaibika nalo. Mjomba muulize mwenzangu: siku ya peku saa ilianzishwa kwa kuona au kwa kusikia?

Naeleza kwa nini. Mtu wa saa anakaa kwenye mstari wa kumalizia, mita 100 kutoka kwa mwanzishaji. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Filimbi ikilia, mtoto ameshaanza kukimbia, sauti inamfikia mwenye saa baada ya karibu 0.3. Akibonyeza kwa kusikia, ameiba 0.3 kutoka kwenye muda wa mtoto. Akibonyeza kwa kuona mkono unashuka au mbao zinagongana, hakuna wizi huo. Ndo maana mashindano ya saa za mkono watu wanaambiwa waangalie moshi wa bastola, wasisubiri mlio.

Mjomba_Tabata
Aisee mwalimu wewe mchawi. Nimepiga simu tena (vocha zinaisha kwa ajili ya uzi huu). Siku ya peku ilikuwa wilayani, kulikuwa na mtu anashusha bendera. Siku ya spaiki ilikuwa mazoezini, filimbi, mwalimu yuko peke yake mwisho kule. Kwa hiyo ile 0.3 yote ni filimbi?

Mwl_Hesabu_na_Michezo
Siwezi kuapa ni yote, ila inatosha kuimaliza yote. Kuna upepo pia, na siku tofauti. Jambo ni kwamba kwa namba hizo mbili hujui chochote kuhusu spaiki.

Ukitaka kujua fanya hivi, hauhitaji vifaa. Chomeka vijiti viwili mita 20 mbali. Simu isimame pembeni katikati ya vijiti, mbali kiasi cha kuona vyote viwili, iegemezwe kwenye tofali isiguswe mpaka mwisho. Simu nyingi zinaweza kurekodi picha 60 kwa sekunde, kila picha moja ni kama 0.017, unahesabu picha kutoka kifua kinapita kijiti cha kwanza hadi cha pili. Kosa la pembe ya simu lipo ila ni lile lile kwa kila mbio, kwa hiyo kwa kulinganisha haina shida. Mbio moja raba, moja spaiki, moja raba, moja spaiki, dakika 5 katikati za kupumzika. Usifanye raba zote kwanza halafu spaiki zote, atakuwa amechoka na utailaumu spaiki.
Na fanya mara mbili: mara moja aingie kwenye kijiti akiwa tayari kwenye spidi, mara nyingine aanze palepale kijiti cha kwanza kutoka kusimama, hapo hesabu tangu mguu wa nyuma unanyanyuka.

Chuma_Chakavu
Mnamfanyia mtoto PhD sasa. Spaiki zinapunguza sekunde nzima kila mtu anajua.

Kocha_Mstaafu
Sekunde nzima kwenye 100 ni kama mita 8 kijana. Ingekuwa hivyo aliyevaa spaiki angemuacha wa peku kwa urefu wa darasa, na nimeona watoto peku wakiwakimbiza wenye spaiki miaka yote. Tena sheria yenyewe inaruhusu mtu kukimbia peku, au hata kiatu mguu mmoja. Faida ya spaiki ipo ila ni ndogo, na kwa mwanafunzi sehemu kubwa iko pale mwanzo, hatua 5 hadi 8 za kwanza, kwa sababu pale mwili umelala na unasukuma ardhi kwa nyuma. Hapo ndo mguu unateleza. Akishasimama wima anakanyaga karibu kwenda chini, kuteleza ni kidogo.

Mjomba kuhusu tartani uliuliza na hatukujibu. Sheria ya riadha ya dunia ni msumari usitokeze zaidi ya milimita 9 kwenye tartani, isipokuwa kuruka juu na mkuki hadi 12, na idadi ya misumari isizidi 11 kwa kiatu. Lakini wenye uwanja wanaweza kuweka chini ya hapo, wengi wanataka 6 au 7, na wanakagua mlangoni. Kwa hiyo 12 zake zitakataliwa. Na hata zisingekataliwa zisingemsaidia, tartani imetengenezwa kwa mpira, msumari mfupi unaibonyeza na yenyewe inakusukuma, ule mrefu unazama na inabidi uung'oe kila hatua. Kwenye udongo sheria inaachia hadi 25, ila sijawahi kuona sababu ya kwenda huko labda kwenye tope.

DadaFizio
Kocha nimekufuata vizuri ila kuna kitu nataka nibishane nawe kidogo. Umesema avue kabisa arudi raba. Mimi nashughulika na miguu ya vijana hawa, tatizo ninaloona ni kinyume: wanakimbia raba mwaka mzima, wiki ya mashindano ndo wanavaa spaiki, wanapiga heats, nusu fainali, fainali na 4 x 100 siku mbili, na wanarudi kwangu. Kisigino cha spaiki kiko chini sawa na vidole au karibu, raba ina mto mnene nyuma. Ukano unavutwa zaidi na haujazoea. Mi ningesema aendelee nazo kidogo kidogo, kama ni kiatu sahihi. Baada ya kupasha na kazi yote, mbio 2 au 3 za mita 30 kwa spaiki halafu anavua. Mara mbili kwa wiki. Kila wiki anaongeza moja au mbili kama asubuhi yake ilikuwa nzuri.

Kocha_Mstaafu
Dada hatubishani. Nilisema avue HIZO. 41 na ubao ule. Akipata sahihi afanye kama ulivyosema. Ambacho sikubali ni kuvaa spaiki kwa mazoezi yote, unakuta mtoto anafanya drili na kupasha mwili na mizunguko ya polepole na spaiki mguuni kwa sababu ni mpya na anataka waone. Vitu vyote hivyo raba. Mlima raba. Lami ndo usiongee, misumari inaisha siku moja na unyayo unapigwa.

DadaFizio
Hapo tuko pamoja. Na kwa huyu mwenye umri huu akiwa peku kwenye majani laini kwa drili mi sina shida kabisa, miguu yake tayari ina nguvu ya hiyo.

Mjomba_Tabata
Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita. Zile 41 nimeziuza kwa kijana mmoja wa chuo anaruka mbali, kafurahi. Karume nimezunguka siku mbili, nikapata nyingine 39, kocha alinielekeza inbox nishike kisigino na ncha nikunje kama chapati: hii inakunja pale kwenye vidole kwa kutumia nguvu kiasi, na kisigino kina kasponji kembamba. Muuzaji anasema ni za mita 800. Inabana, kidole kinagusa mbele ila hakijikunji, anavaa bila soksi. Misumari ilikuwa imeota kutu, miwili tulitoa kwa plaizi. Tukapata ya milimita 9 kwa fundi mmoja.

Jumamosi nikaenda shuleni kwao tukafanya mtihani wa mwalimu, alfajiri, umande bado upo, raba dhidi ya spaiki. Matokeo haya:
Akiingia na spidi, mita 20: raba 2.47, 2.45, 2.48. Spaiki 2.46, 2.47, 2.45. Yaani hakuna kitu.
Kutoka kusimama, mita 20: raba 3.45, 3.48, 3.44. Spaiki 3.37, 3.40, 3.36.
Kwa raba ile hatua ya pili unaona kabisa kwenye video mguu unarudi nyuma kidogo. Vitundu vya spaiki vilikuwa vya duara kama Njoroge alivyosema. Vigimbi Jumapili vilikuwa vizito ila siyo kuuma.

Mwl_Hesabu_na_Michezo
Safi sana. Ile ya kwanza tofauti ni picha moja au mbili tu, ni ndani ya makosa ya kuhesabu, uko sahihi kusema hakuna kitu. Ya pili spaiki yake mbaya kabisa imeishinda raba yake nzuri kabisa, hiyo naiamini. Ila ni asubuhi moja yenye umande, mchana pakavu inaweza kupungua.

Njoroge_wa_Lenzi_Tatu
Za 800 kwa mbio fupi sawa tu, mimi mwenyewe nilitumia. Weka Vaselini kidogo kwenye nyuzi za msumari kabla ya kufunga, na baada ya msimu toa yote. Mchanga ukiingia humo na kutu, siku ya tartani utashindwa kuweka 6. Na kaza usiku kabla ya mbio, si asubuhi kwenye foleni.

Chuma_Chakavu
Sawa nimekubali kwa mtoto. Lakini akifika taifa kwenye tartani atakutana na wenye soli ngumu, si atakuwa nyuma?

Kocha_Mstaafu
Swali zuri na jibu langu siyo la uhakika kama unavyotaka. Vipimo vilivyofanywa kwa wakimbiaji vinaonyesha kila mtu ana ugumu wake unaomfaa, wengine wanaongeza spidi soli ikiwa ngumu zaidi, wengine wanapungua, na huwezi kumjua kwa kumtazama. Mi ningemwacha na hizi mwaka huu, akiweza kuruka kwa vidole vya mguu mmoja mara 25 bila kisigino kushuka tumjaribishe ngumu kidogo na video ile ile.

DadaFizio
Mi ningesubiri hata zaidi, amalize kurefuka kwanza. Ila sijui kama mwalimu wake atasubiri.

Mjomba_Tabata
Mwalimu wake tayari anauliza hahaha. Mkoa ni Ijumaa, uwanja ni majani, tunaenda na 9 na misumari 4 ya akiba kwenye kimfuko. Kuna tundu moja mguu wa kushoto nyuzi zimeliwa, msumari unazunguka tu haukazi. Niuache wazi au nifanyeje?

Njoroge_wa_Lenzi_Tatu
Usiweke msumari hapo, utamtoka katikati ya mbio. Iko kwa nje ama katikati? Kama ni ya nje kabisa ziba na kitu kisicho na ncha udongo usiingie. Kama ni ile ya chini ya kidole gumba tafuta fundi kabla ya Ijumaa.

Mjomba_Tabata
Ni ya kidole gumba. Naenda kwa fundi kesho asubuhi.